Maoni Yetu: Wakati na hali visifundishwe kama kitu kimoja

Tuchukue ajali ya kubuni. Basi limegonga lori barabarani usiku, na shahidi anaulizwa lori lilikuwaje basi lilipofika. Anaweza kujibu kwa sentensi moja kati ya hizi tatu: "Lori lilisimama." "Lori lilikuwa linasimama." "Lori lilikuwa limesimama." Zote zinazungumzia usiku uleule, na usiku huo umeshapita. Hata hivyo, kwa dereva wa lori, kwa kampuni ya bima na kwa hakimu, hizo ni habari tatu tofauti. Ya kwanza inasema basi lilifika, ndipo lori likasimama. Ya pili inasema lori lilikuwa likipunguza mwendo na magurudumu bado yanazunguka. Ya tatu inasema lori lilikuwa limetulia pale tangu kabla ya basi kutokea.

Mwulize mwanafunzi wa sekondari sentensi hizo ziko katika wakati gani. Atakujibu kwamba zote ziko katika wakati uliopita, na atapewa alama zake. Jibu lake ni sahihi, lakini halimsaidii mtu yeyote, kwa sababu kinachozitenganisha sentensi hizo si wakati. Kinachozitenganisha ni hali, na hali ndiyo sehemu ya sarufi ambayo vitabu vyetu vingi vinaipitia kwa haraka mno.

Somo lenyewe shuleni mara nyingi huitwa "nyakati na hali". Jina ni zuri, lakini kinachofuata chini yake huwa ni orodha moja ndefu: -li-, -na-, -ta-, -me-, hu-, -ki-, -ka-, kila kimoja na jina lake na mfano wake. Mwanafunzi anaikariri orodha hiyo kama ratiba ya vipindi. Hatambui kwamba amepewa vitu vya aina mbili katika kapu moja. Msimamo wetu ni kwamba vitu hivyo vitenganishwe tangu mwanzo, na kwamba hali ifundishwe kwa kuangalia muundo wa tukio lenyewe. Tueleze kwa nini.

Wakati, ambao wanaisimu huuita njeo, hujibu swali moja tu: jambo tunalolizungumzia liko upande gani wa sasa, yaani wa dakika hii tunapozungumza? Liko nyuma, liko hapa, au liko mbele? Hali hujibu swali jingine kabisa: katika kipindi tunachokizungumzia, tunaliona tukio kwa namna gani? Tunaliona lote pamoja na mwanzo na mwisho wake, tuko katikati yake, au tumefika likiwa limeshapita na tunayaona matokeo yake? Mwanaisimu Mjerumani Wolfgang Klein aliliweka jambo hili vizuri katika kitabu chake cha 1994. Kwa maelezo yake, njeo hulinganisha kipindi kinachozungumziwa na wakati wa kusema, na hali hulinganisha tukio na kipindi hicho. Ni vipimo viwili vinavyokutana katika kipindi kimoja.

Rudi kwa shahidi wetu. Kipindi kinachozungumziwa ni ile dakika basi lilipofika. Dakika hiyo iko nyuma ya sasa, kwa hiyo sentensi zote tatu zina -li-. Hapo njeo imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni kujua tukio la kusimama lilikaaje ukililinganisha na dakika hiyo: liliingia lote ndani yake, lilikuwa likiendelea, au lilikuwa limeshafika mwisho na kuacha lori limetulia? Kazi hiyo ni ya hali.

Kiswahili chenyewe kinatupa ushahidi, na ushahidi huo uko mdomoni mwa kila mzungumzaji. Tazama kitenzi cha maneno mawili: "lilikuwa linasimama", "lilikuwa limesimama", "litakuwa linasimama", "litakuwa limesimama". Neno la kwanza, lile lenye kuwa, linabeba wakati. Neno la pili linabeba hali. Unaweza kubadilisha la kwanza bila kuligusa la pili, na la pili bila kuligusa la kwanza. Lugha imezitenganisha kazi hizo mbili kwa uwazi kiasi cha kuzipa maneno mawili tofauti. Ni vitabu vinavyozirudisha pamoja.

Ushahidi huo unabomoa pia kauli tuliyoizoea kwamba -na- ni alama ya wakati uliopo. Kama -na- ingekuwa na maana ya "sasa" peke yake, basi "lilikuwa linasimama" ingekuwa sentensi inayojipinga: neno moja linasema zamani, jingine linasema sasa. Hakuna Mswahili anayeona mgongano wowote hapo. Sababu ni kwamba ndani ya kitenzi cha maneno mawili -na- haisemi "sasa". Inasema "katikati ya tukio". Tunaposema "lori linasimama" bila kuwa mbele yake, msikilizaji huchukua kwamba kipindi kinachozungumziwa ni sasa, kwa vile hajapewa kingine. Vivyo hivyo kwa -me-. Katika "litakuwa limesimama" hakuna chochote kilichopita, kwa maana tunazungumzia kesho. -me- inasema tu kwamba, tutakapofika kwenye kipindi hicho, kusimama kutakuwa kumekwisha na lori litakuwa limetulia.

Msomaji makini atatuuliza kuhusu "atakuwa alisahau", ambapo -li- imeingia katika neno la pili. Swali hilo ni la haki. Lakini hapo "atakuwa" haituambii habari za kesho. Inaonyesha kwamba msemaji anakisia, naye anakisia jambo la jana. Wakati wa jambo hilo unabebwa na ile -li- iliyobaki. Mfano huo hauvunji kanuni. Unaonyesha tu kwamba kuwa ina kazi ya ziada ya kukisia.

Sasa tuingie kwenye hali yenyewe. Wanaisimu huigawa katika makundi mawili makubwa. Hali kamili ni ile inayolitazama tukio kwa nje, zima, bila kuzigawanya sehemu zake. Hali isiyo kamili ni ile inayoliingia tukio na kulitazama kwa ndani. Bernard Comrie, ambaye kitabu chake cha 1976 kuhusu hali bado kinasomwa katika vyuo vingi, alisisitiza jambo ambalo wengi hulikosea: ukamili hapa si kwamba tukio limekwisha, wala si kwamba lilikuwa fupi. Ni namna ya kutazama. "Babu alitawala miaka arobaini" ni hali kamili, ingawa miaka hiyo ni mingi, kwa sababu tumeifunga yote na kuihesabu kama kitu kimoja. "Kesho atapika, kisha ataondoka" nayo inalitazama tukio la kupika likiwa zima, ingawa bado halijatokea. Kwa upande mwingine, "alikuwa anafunga mlango" ni hali isiyo kamili, ingawa kufunga mlango huchukua nukta chache.

Na hapa kuna mtego wa jina. Kile ambacho shule huita "hali timilifu", yaani -me-, si hii hali kamili tunayoizungumzia. Hali kamili hulichukua tukio zima. -me- huliacha tukio nyuma na kutuonyesha kilichobaki baada yake. Katika masimulizi, kinachobeba hali kamili ni -li- ya kitenzi cha neno moja, ikifuatwa na -ka-: "aliingia, akaketi, akala". Kila kitendo kinafungwa ndipo kinachofuata kianze. Jaribu kuweka -me- katika mfuatano huo, hadithi itakwama.

Kwa nini basi -me- huonekana kubadilika maana kutoka kitenzi kimoja hadi kingine? "Amekula" inasema alikula na sasa ameshiba au chakula kimekwisha. "Amesimama" inasema yuko wima sasa hivi. "Amevaa kanzu" ina maana kanzu iko mwilini. "Amelala" ina maana yuko usingizini. Kitabu kinachosema tu kwamba -me- ni tendo lililokwisha hakiwezi kueleza kwa nini mtu aliyelala bado analala. Jibu haliko katika -me-. Liko katika muundo wa tukio ambao kila kitenzi kinakuja nao.

Tukio lililo kamili kwa sehemu zake lina vipande vitatu. Kuna mwendo, yaani shughuli inayoelekea mahali. Kuna ukomo, yaani nukta ambapo shughuli inafika mwisho wake wa asili. Na kuna tokeo, yaani kile kinachobaki baada ya ukomo. Kusimama kwa lori kuna vyote vitatu: breki zinakamata na mwendo unapungua, magurudumu yanaacha kuzunguka, lori linakuwa limetulia. Ukishaviona vipande hivi, alama za hali zinakuwa rahisi kuzieleza. -na- huchagua mwendo, ndiyo maana "linasimama" ni lori linalopunguza kasi. -me- huchagua tokeo, ndiyo maana "limesimama" ni lori lililotulia. -li- peke yake hulichukua tukio kwa uzima wake, ukomo ukiwemo.

Unaweza kuvihakikisha vipande hivyo kwa saa ya ukutani. "Lori lilisimama saa mbili usiku" inataja dakika ya ukomo. "Lori lilisimama kwa saa mbili" inapima urefu wa tokeo, yaani muda liliokaa pale. "Lori lilikuwa limesimama saa mbili usiku" haituambii lilisimama lini. Inatuambia tu kwamba ilipofika saa hiyo lilikuwa limeshatulia. Kitenzi ni kilekile na saa ni zilezile, lakini kila sentensi inashika kipande chake.

Si kila kitenzi kina vipande vyote. Mwaka 1957 mwanafalsafa Zeno Vendler alivigawa vitenzi katika makundi manne kwa kuangalia jinsi vinavyotumia muda, na mgawanyo wake unakikaa Kiswahili vizuri ukiupokea kwa uangalifu. Kuna vitenzi vya utulivu, kama kujua na kupenda, ambavyo havina mwendo wala ukomo. Kuna vya shughuli tupu, kama kutembea na kuogelea, vyenye mwendo usio na ukomo wake wa asili. Kuna vya kazi yenye ukomo, kama kuandika barua au kujenga nyumba hii. Na kuna vya papo kwa papo, kama kufika na kugundua, ambavyo karibu vyote ni ukomo.

Sasa mambo yaliyokuwa yakionekana kama vighairi yanapata sababu. "Anajua" ni ya sasa kwa -na-, na "amelala" ni ya sasa kwa -me-, kwa kuwa kujua ni utulivu tangu mwanzo, ilhali kulala kuna mlango wa kuingilia. Mtu anaingia usingizini kwanza, halafu anakuwa amelala. Ukisema "amejua", msikilizaji anaelewa kwamba kuna dakika aliyopata habari, yaani umekilazimisha kitenzi cha utulivu kuwa na mlango. Na ukisema "ametembea", kitenzi hakina tokeo la kumpa msikilizaji, kwa hiyo analitafuta mwenyewe katika mazingira: labda amechoka, labda ana vumbi miguuni, labda ni mtu aliyeona mengi ya dunia. Ndiyo maana "ametembea" hutegemea sana nani anasema na mbele ya nani, wakati "amesimama" haitegemei.

Hii ndiyo sababu mgeni anayejifunza Kiswahili husema "mtoto analala" akimaanisha mtoto yuko usingizini, na "mwalimu anasimama mlangoni" akimaanisha yuko pale wima. Ameambiwa kwamba -na- ni ya jambo linaloendelea sasa, naye akaliamini. Mzungumzaji wa Kiswahili anasikia kitu kingine: mtoto anasinzia au ana desturi ya kulala saa hizo, na mwalimu ndiyo kwanza anainuka kitini au huwa na tabia ya kusimama pale. Maana hiyo ya desturi nayo ni ya hali isiyo kamili. "Basi hili linasimama Chalinze" haisemi kwamba breki zimeshikwa sasa hivi. Inataja kawaida yake, kama ambavyo ingesemwa kwa hu-: "husimama Chalinze". Kwa hiyo wakili akisikia "lori lilikuwa linasimama pale", swali lake la kwanza liwe: usiku ule, au kila siku?

Sasa tufike kwenye kipimo ambacho, kwa maoni yetu, kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kukitumia. Likate tukio katikati, halafu uulize kama unaweza kusema limetokea. Mtu alikuwa anatembea ufukweni, akaitwa, akakatiza. Je, alitembea? Ndiyo, alitembea. Mtu alikuwa anajenga nyumba hii, akafilisika kuta zikiwa madirishani. Je, aliijenga nyumba hii? Hapana. Alianza kuijenga. Mwanaisimu David Dowty alilichambua tatizo hili kwa kina katika kitabu chake cha 1979, na kiini chake ni hiki: penye ukomo, hali isiyo kamili haitoi hakikisho kwamba ukomo ulifikiwa. Pasipo ukomo, kila kipande cha shughuli ni shughuli yenyewe.

Katika maisha ya watu, kipimo hicho kina uzito. "Boti ilikuwa inazama" haisemi kwamba boti ilizama, huenda iliokolewa. "Alikuwa anavuka barabara" haisemi kwamba alifika ng'ambo. "Lori lilikuwa linasimama" haithibitishi kwamba lori lilisimama kabla ya kugongwa. Lakini "alikuwa anaendesha gari amelewa" inathibitisha kwamba aliendesha, hata kama alikamatwa baada ya mita kumi. Mwandishi wa habari anayebadilisha "ilikuwa inazama" kuwa "ilizama" ili kufupisha kichwa cha habari hakufupisha. Ameongeza jambo ambalo shahidi hakulisema.

Kuna sehemu moja ambapo Kiswahili kinataka uangalifu wa pekee: ukomo mara nyingi haumo katika kitenzi peke yake, bali katika kitenzi pamoja na kinachotendwa. "Alikunywa chai" inaweza kuwa shughuli isiyo na ukomo. "Alikunywa kikombe cha chai" ina ukomo, nao ni kikombe kuwa kitupu. Ndiyo maana tunasema "alikunywa kikombe cha chai ndani ya dakika tano", na si rahisi kusema "alikunywa chai ndani ya dakika tano" bila msikilizaji kuijazia chai kipimo chake. "Nyumba" ni mfano mgumu zaidi, kwa sababu umoja na wingi wake ni sawa. "Alijenga nyumba" inaweza kuwa ya mtu aliyemaliza nyumba yake, au ya fundi ambaye ndiyo ilikuwa kazi yake ujanani. Kilicho na ukomo hapo ni ile nyumba moja. Ukisema "aliijenga nyumba", kiambishi cha mtendwa -i- kinaelekeza kwenye nyumba ijulikanayo, na ukomo unajitokeza.

Kipimo cha "ndani ya" kina mpaka wake. Wengi hufundishwa kukilinganisha na "kwa", kwamba "ndani ya" inakwenda na ukomo na "kwa" inakwenda na shughuli tupu. Nusu ya kwanza inafaa. Ya pili haifai sana, maana "aliijenga kwa miezi sita" tunaweza kuielewa kwamba nyumba ilikamilika ndani ya miezi hiyo, na tunaweza pia kuielewa kwamba alishinda miezi sita akijenga. Anayetaka uhakika atumie "ndani ya", au aongeze "alimaliza".

Tulisema kwamba -me- huchagua tokeo. Kuna mahali ambapo -me- haiingii kwa kawaida, nako ndiko waandishi wa habari tunakojikwaa zaidi. Ni kwenye virejeshi. Tunasema "anayesimama", "aliyesimama", "atakayesimama", lakini -me- ya kirejeshi haimo katika Kiswahili sanifu cha kila siku. Kwa hiyo -li- inabeba kazi mbili. "Mwanamke aliyevaa gauni jekundu" ni mwanamke ambaye gauni liko mwilini mwake sasa, si aliyelivaa siku moja zamani. "Mtoto aliyelala" ni mtoto aliye usingizini. Na "lori lililosimama", katika sentensi kama "Basi lilikwenda na kugonga lori lililosimama barabarani", linaweza kuwa lori lililokuwa limetulia pale tangu saa moja kabla, au lori lililosimama ghafla mbele ya basi. Kwa tafsiri ya kwanza, swali ni nani aliliacha pale bila alama za tahadhari. Kwa tafsiri ya pili, swali ni nani alikaa karibu mno na gari la mbele.

Tiba yake ipo na haigharimu kitu. Peleka kirejeshi kwenye kuwa, ili neno la pili libaki huru kubeba hali: "lori lililokuwa limesimama" kwa lile lililotulia, "lori lililokuwa likisimama" kwa lile lililokuwa likipunguza mwendo. Na kama ni gari lililoachwa mahali kwa makusudi, lugha ina neno lake: "lililokuwa limeegeshwa". Tunawaomba wahariri wa dawati la habari waifanye hiyo kuwa desturi katika kila taarifa ya ajali. Ni maneno mawili badala ya moja, na yanaondoa shaka.

Nchini Tanzania jambo hili limetoka kwenye vitabu na kuingia mahakamani. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Maelezo ya mashahidi yanapoandikwa na hukumu zinapotolewa kwa Kiswahili, karani anayeandika "lilisimama" pale shahidi aliposema "lilikuwa limesimama" amebadilisha ushahidi. Hakukosea wakati hata kidogo. Amekosea hali, na mafunzo yake ya shule hayakumpa jina la kosa hilo.

Turudi basi darasani, ambako tatizo linaanzia. Kuna zoezi linalojulikana kila mahali: badilisha sentensi iwe katika wakati ujao. Mwanafunzi anapewa "Mtoto amelala". Anaandika "Mtoto atalala", na anawekewa alama ya vyema. Lakini amebadilisha vitu viwili. Sentensi ya kwanza ilikuwa juu ya tokeo, mtoto akiwa usingizini. Ya pili ni juu ya tukio zima, mtoto akielekea kulala. Aliyebadilisha wakati peke yake ni yule anayeandika "Mtoto atakuwa amelala". Darasani mara nyingi huyo ndiye anayekosolewa, kwa madai kwamba amechanganya nyakati mbili.

Zoezi la kukanusha lina kasoro ya namna hiyohiyo. "Kanusha: Lori limesimama." Jibu la kitabu ni "Lori halijasimama". Jibu hilo linaongeza kitu: -ja- inasema ukomo bado haujafikiwa na mlango uko wazi, lori bado linatarajiwa kusimama. Anayetaka kusema tu kwamba tukio hilo halikutokea atasema "halikusimama". Na anayesema "halisimami" amekanusha -na-, -a- na hu- kwa pamoja, kwa sababu katika ukanushi tofauti za hizo tatu hufutika. Upande wa kukubali na upande wa kukanusha hazilingani alama kwa alama, na mwanafunzi ana haki ya kuambiwa hivyo, badala ya kupewa jedwali lenye safu mbili zinazoonekana kulingana.

Hatudai kwamba mstari kati ya wakati na hali umenyooka kila mahali. -li- inabeba wakati, lakini ikiwa peke yake kwenye kitenzi cha tendo hutupa pia picha ya tukio zima, ilhali kwenye kitenzi cha utulivu, kama "alijua", haitoi picha hiyo kwa nguvu. -me- nayo inasogea. Sentensi kama "amekuja jana" zinasikika mitaani, ingawa mwalimu wa Kiswahili sanifu angetaka "alikuja jana". Hilo si la Kiswahili pekee. Katika Kifaransa cha mazungumzo, umbo lililokuwa la tokeo limekuwa ndilo umbo la kawaida la kusimulia jambo lililopita. Lugha zinabadilika, na mpaka huu ni mojawapo ya mahali zinapobadilikia. Lakini mtu hawezi kuyaona mabadiliko hayo kama hajui kulikuwa na mpaka.

Tunachoomba ni kidogo na kinaweza kufanyika bila kusubiri mtaala mpya. Walimu waanze somo kwa kitenzi cha maneno mawili, siyo kwa orodha, ili mwanafunzi aone kwa macho yake neno la wakati na neno la hali. Wafundishe mwendo, ukomo na tokeo kwa kitenzi kimoja, kama kusimama, kabla ya kuleta jina lolote gumu. Wanaotunga mitihani waache kuuliza "sentensi hii iko katika wakati gani?" peke yake, na waongeze swali la pili: "tukio linaonyeshwa kwa sehemu gani?" Waandishi wa vitabu vya kiada waiondoe -me- kwenye safu ya nyakati na kuiweka inapostahili. Na mwanafunzi anayeandika "atakuwa amelala" apewe alama yake, kwa sababu yeye ndiye aliyejibu alichoulizwa.